Kitambaa Kimoja, Rangi Mbili

Sketi imeshonwa vizuri. Mishono imenyooka, zipu imekaa, pindo halijapanda wala kushuka. Mteja anaivaa, anasogea mlangoni penye mwanga, na hapo hapo anaona kipande cha ubavu wa kushoto kimekuwa chepesi wa rangi kuliko vingine vitatu, kana kwamba kimeanza kupauka. "Fundi, mbona umenichanganyia vitambaa?" Fundi anaapa kwamba hakuchanganya, na anasema kweli. Vipande vyote vinne vimetoka kwenye kodrai moja ya kahawia, kwenye robota moja. Kosa lilifanyika mezani kabla mkasi haujafunguliwa: ili kubana matumizi ya kitambaa, kipande kimoja kililazwa kichwa chini, miguu juu.

Kwenye kaki au kitambaa cheupe cha sare za shule, ujanja huo ni halali na kila fundi anautumia. Kipande chembamba juu na kipana chini hupangwa kwa kupishana, kimoja kimesimama na kingine kimepinduliwa, nafasi zinajazana na kitambaa kinatosha. Kwenye kodrai na mahameli, ujanja huo huo ndio unaoiharibu nguo. Sababu iko kwenye vinyoya vya kitambaa, na akishaijua vizuri, fundi hana haja ya kukariri orodha ya makatazo. Karibu yote yanatoka kwenye kanuni moja tu, nayo inahusu mkunjo.

Vinyoya vinavyolala

Kitambaa cha kawaida kina nyuzi za aina mbili: mtande, unaokwenda na urefu wa robota, na mshindio, unaokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Kodrai na mahameli vina nyuzi za ziada juu ya hizo. Katika kodrai, nyuzi za ziada ni za mshindio. Hufumwa zikiwa zimelegezwa juu ya uso wa kitambaa, kisha visu vyembamba vinapita kwa urefu na kuzikata, na ncha zilizokatwa zinapigwa burashi mpaka ziinuke na kuwa matuta. Ndiyo maana matuta ya kodrai hufuata urefu wa kitambaa, sambamba na ukingo. Katika mahameli, nyuzi za ziada ni za mtande. Mara nyingi vitambaa viwili hufumwa kwa pamoja vikitazamana, vikiunganishwa na nyuzi hizo, halafu kisu kinapita katikati na kuvitenganisha. Kila kimoja kinabaki na nusu ya nyuzi zikiwa zimesimama wima usoni pake.

Zimesimama, lakini si wima kabisa. Kupigwa burashi na kupitishwa kwenye mvuke kiwandani huviacha vinyoya vikiwa vimeinama kidogo kuelekea mwisho mmoja wa robota. Vyote vinainama upande huo mmoja, mita baada ya mita. Ukipitisha kiganja kuelekea vinakoinamia, unahisi ulaini, kama kumpapasa paka kutoka kichwani kwenda mkiani. Ukirudisha kiganja, vinyoya vinagoma na kuinuka.

Mwanga nao unavisoma vinyoya hivyo kwa namna mbili. Ukitazama kitambaa huku ncha za vinyoya zikiwa zimekuelekea, mwanga unaingia katikati ya vinyoya, unagongana humo ndani na kutoka ukiwa mdogo. Macho yako yanaona rangi nzito iliyokolea. Ukitazama kutoka upande wa pili, unaona mbavu za vinyoya vilivyolala, nazo zinaurudisha mwanga. Rangi inaonekana nyepesi, yenye mng'ao, na kwa mahameli nyeusi inaweza kuonekana karibu na kijivu. Rangi haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni pembe.

Kwa hiyo kwenye vitambaa hivi kipande cha patani kinadaiwa mambo mawili kwa pamoja. Mstari wa uzi uliochorwa juu yake lazima uende sambamba na ukingo wa kitambaa, kama kwenye kitambaa chochote. Lakini hapa mstari huo ni mshale wenye kichwa kimoja tu. Uzi unaonyesha njia, na vinyoya vinaonyesha uelekeo katika njia hiyo. Kipande kilichonyooka kabisa kwenye uzi, ila kimegeuzwa kichwa chini, bado kimekosewa.

Kuutafuta upande, kisha kuuandika

Fua kwanza kitambaa kinachofulika, kwa maana kodrai ya pamba husinyaa, na aghalabu zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Kikishakauka, kitandaze mezani uso ukiwa juu, kisha papasa kwa kufuata ukingo, kwenda na kurudi. Kwenye kodrai ya matuta mapana jibu linakuja mara moja. Kwenye mahameli yenye vinyoya vifupi vilivyosongamana, kiganja kinaweza kukudanganya, hasa baada ya kupapasa mara nyingi. Hapo yaamini macho. Kivae kitambaa shingoni kama skafu, ncha moja ianguke kushoto na nyingine kulia, uso wa kitambaa ukiwa nje, kisha simama mbele ya kioo karibu na dirisha. Ncha moja itaonekana imekolea na nyingine imefifia. Kwenye ile iliyokolea, vinyoya vinatazama juu. Kwenye iliyofifia, vinatazama chini.

Ukishajua, usiutegemee ukumbusho. Geuza kitambaa, na kwa chaki chora mishale upande wa nyuma, mmoja kila nusu mita hivi, yote ikielekea vinakoinamia vinyoya. Mishale hiyo ndiyo itakayokuokoa utakapobaki na vipande vya masalio ambavyo havina ukingo wala alama nyingine, na unataka kukatia mfuko.

Aina nyingine zinahitaji tahadhari ya peke yake. Velveti ya kuvutika, inayopendwa kwa magauni ya sherehe, haikufumwa bali ni kitambaa cha nira, kama kile cha fulana, na bado ina vinyoya vyenye upande. Yenyewe ina dai la tatu: mvutiko mkubwa uzunguke mwili. Ile iliyopondwa makusudi ikawa na mawimbi ya kung'aa huficha makosa zaidi, kwa kuwa vinyoya vyake vimelazwa huku na huku. Hata hivyo usiipange ovyo, kwa sababu chini ya mawimbi hayo mara nyingi uelekeo mmoja umeshinda mwingine, na nguo ikitazamwa kwa mbali unajitokeza.

Vitazame juu au chini?

Hili ni suala la kuchagua, na kila chaguo lina faida yake. Anayekutazama kwa kawaida anaitazama sketi au suruali yako kutoka juu kidogo. Vinyoya vikielekezwa juu, ncha zake zinamtazama yeye, naye anaona rangi iliyokolea. Ndiyo sababu mafundi wengi huielekeza mahameli ya magauni juu: wateja wananunua ule weusi au ule wekundu mzito, si mng'ao. Vinyoya vikielekezwa chini, rangi inafifia kidogo, lakini nguo inapanguswa kwa urahisi, vumbi linashuka, na mkono ukipita kutoka juu kwenda chini hauvivurugi. Kwa suruali ya mtoto au koti la kazi la kodrai, chini ni uamuzi wa busara.

Amua mara moja kabla ya kupanga, na uamuzi huo utawale kila kipande cha nguo: mbele, nyuma, mikono, mkanda wa kiuno, mifuko. Nguo yote ikitazama juu inapendeza. Nguo yote ikitazama chini inapendeza pia. Inayoharibika ni ile iliyochanganya.

Kanuni ya mkunjo

Sasa tuje kwenye kanuni yenyewe. Chukua kipande kidogo cha kodrai, kiweke mezani, chora mshale wa vinyoya nyuma yake. Kikunje kwa mstari unaofuata matuta, ukingo wa kushoto uje juu ya ukingo wa kulia. Mshale wa tabaka la juu bado unaelekea kule kule. Kushoto kumekuwa kulia, lakini juu kumebaki juu. Kifungue, ukikunje upya kwa mstari unaokatiza matuta, mwisho wa kitambaa uje juu ya mwanzo wake. Safari hii mshale wa tabaka la juu umegeuka na kuelekea kinyume na wa chini.

Basi, mkunjo unaokwenda na vinyoya hauwabadilishi, na mkunjo unaokatiza vinyoya unawapindua. Kanuni hii inafanya kazi mara mbili: kwanza mezani, kitambaa kinapokunjwa ili vipande viwili vikatwe kwa pamoja, na tena mwilini, pale ambapo nguo yenyewe imekunjwa, kama kwenye kola.

Tuanze na meza. Kukunja kwa urefu, kingo mbili zikikutana, ni salama. Vipande viwili vya mbele, kushoto na kulia, vinatoka pamoja na vinyoya vyao vinaelekea upande mmoja. Kukunja kwa kukatiza, jambo ambalo fundi hulifanya pale kipande kinapokuwa kipana kuliko nusu ya kitambaa, kunatoa kipande kimoja cha juu na kingine cha chini. Ukilazimika kufanya hivyo, kunja kwa kukatiza uso kwa uso, kisha kata kwenye mkunjo wenyewe ili upate vitambaa viwili tofauti. Lile tabaka la juu lizungushe palepale mezani nusu mzunguko, bila kulibinua, mpaka mishale yake ikubaliane na ya tabaka la chini. Matabaka bado yanatazamana uso kwa uso, kwa hiyo utapata kushoto na kulia, na vinyoya vimepatana.

Ukipanga kwenye tabaka moja bila kukunja, kanuni ile ile inakulinda. Ukimaliza kuchora mkono wa kushoto, karatasi ya patani lazima ibinuliwe ili uchore wa kulia. Ibinue kwa mhimili wa urefu wake, kushoto ije kulia, na kichwa kibaki kichwani. Ukiibinua kwa kichwa kuja miguuni, umeupata mkono wa kulia, lakini vinyoya vyake vimepinduka. Mkono huo utaonekana mezani hauna ila yoyote. Kosa litajitokeza siku koti linapovaliwa.

Sketi ya vipande vinne

Tupige hesabu ya nguo moja. Mteja ana kiuno cha sentimita 68 na nyonga 90, anataka sketi ya kodrai yenye vipande vinne vinavyofanana, inayofunguka kuelekea chini. Kila kipande, pamoja na nafasi ya kushonea ya sentimita 1.5 kila ubavu, kina upana wa sentimita 20 juu na 44 chini. Urefu wake ni 80 pamoja na pindo. Kitambaa kina upana wa 150, na ukiacha kingo zake zilizokazana, unabaki na sentimita 146 za kukata.

Kama kingekuwa kitambaa kisicho na vinyoya, ungepanga kwa kupishana: kimoja kimesimama, kinachofuata kimepinduliwa. Vipande vinne vingechukua upana wa sentimita 140, na vyote vingeenea kwenye mstari mmoja wa urefu wa 80. Ongeza sentimita 8 za mkanda wa kiuno, na mita moja ya kitambaa inatosha.

Kwenye kodrai vyote vinne lazima visimame. Kila kimoja kinadai sentimita 44 zake kamili pale chini, kwa hiyo vitatu vinachukua 132, na cha nne hakina pa kukaa. Inabidi kianze mstari wa pili, na urefu unaruka kutoka 80 hadi 160. Mkanda wa kiuno unaingia bure pembeni ya kile cha nne, kwa kuwa pamebaki nafasi ya upana wa 102. Lakini ukihesabu na kusinyaa, unahitaji kama mita 1.7. Hivyo ndivyo sketi ya mita moja inavyofikia karibu mita mbili bila mteja kuongezeka hata sentimita moja. Kwa nguo nyingi ongezeko si kubwa kiasi hiki, na mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 25. Hapa limekuwa kubwa kwa sababu vipande vyenyewe ni vyembamba juu na vipana chini, na faida yote ya kuvipanga ilikuwa katika kuvipindua.

Fundi mzoefu haishii kwenye hesabu hiyo. Anauliza: kipande kipunguzwe kiasi gani ili vinne vienee kwenye mstari mmoja? Kugawa 146 kwa nne kunatoa 36.5. Basi chini pawe 36 badala ya 44. Vipande vinne vinachukua 144, na nguo inarudi kwenye mita moja na kidogo. Duara la pindo linapungua kutoka sentimita 164 hadi 132, na bado mteja anatembea kwa raha. Kuna sharti moja tu. Kwa upana huo mpya, ubavu wa kipande hauwezi tena kuchorwa kwa mstari ulionyooka kutoka kiunoni hadi chini, kwa sababu nyonga itabana. Ubavu uchorwe ukipinda kwanza kuufuata mzunguko wa nyonga, na baada ya hapo ushuke karibu wima. Mteja aelezwe mambo mawili: sketi pana kwa mita 1.7, au isiyo pana sana kwa mita moja na robo. Uamuzi ni wake, lakini aufanye kabla ya kwenda dukani.

Mkanda wa kiuno nao una upande. Una urefu wa 75 na kimo cha 8, na mkono unashawishika kuulaza kwa urefu wa kitambaa kwa kuwa ni mrefu. Ukifanya hivyo, matuta yake yatalala kwa kuuzunguka mwili wakati matuta ya sketi yamesimama, na vinyoya vitaelekea kiunoni kushoto au kulia. Ulaze kwa kukatiza upana wa kitambaa, ili matuta yake yasimame kama ya sketi. Mkanda utakunjwa katikati kwa mstari unaokatiza vinyoya, kwa hiyo nusu ya ndani itapinduka, lakini hiyo haionekani. Hakikisha tu kwamba nusu itakayokaa nje ndiyo iliyopangwa sawa na sketi.

Matuta hayasamehe

Kwenye kitambaa cha kawaida, kipande kilichoteleza kidogo kwenye uzi hakionekani kwa macho. Nguo itazunguka mwilini kidogo, basi. Kodrai imechorwa mistari juu yake, na kila mstari ni shahidi. Chukua kodrai ya kawaida yenye matuta 11 kwa inchi moja. Kila tuta pamoja na mfereji wake lina upana wa milimita 2.3 hivi. Kipande kikiteleza sentimita moja tu kati ya kichwa na pindo, mstari wa katikati yake utakuwa umekatiza matuta manne. Jicho linaliona hilo kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo usipime kwa kukisia. Pima kutoka ncha ya juu ya mshale wa uzi hadi ukingoni, kisha kutoka ncha ya chini hadi ukingoni. Vipimo viwili vikilingana, kipande kimenyooka. Wakati mwingine ukingo wenyewe umevutwa na haujanyooka vizuri. Ikiwa hivyo, liache ukingo na ufuate tuta, maana macho ya watu yatafuata tuta.

Katika sketi yetu, mshale wa uzi unapita katikati kabisa ya kila kipande, na vipande vyote vinne vimewekwa mshale wao juu ya kilele cha tuta, wala si mmoja juu ya kilele na mwingine ndani ya mfereji. Matokeo yake yanaonekana kwenye mishono ya ubavu. Matuta ya kipande cha kushoto yanaukuta mshono kwa pembe ileile ambayo matuta ya kulia yanaukuta, na yanachora mfululizo wa herufi V zilizopinduliwa kutoka nyonga hadi pindo. Vinyoya pia vinaukaribia mshono kwa pembe moja pande zote mbili, kwa hiyo rangi inalingana. Kama kipande kimoja kingekatwa mshale ukifuata ubavu badala ya katikati, upande mmoja wa mshono ungekuwa na matuta yaliyosimama na mwingine yaliyoinama. Rangi nazo zingetofautiana, hata kama vinyoya vyote vinatazama juu.

Pale nguo inapojikunja yenyewe

Kola ndiyo huwakamata hata mafundi wazoefu. Unapopanga patani ya koti, kola inalala mezani kama kipande chochote, mstari wa shingo ukiwa chini na ukingo wa nje ukiwa juu, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyoungwa shingoni. Lakini koti likivaliwa, kola inaanguka. Mstari wa shingo sasa uko juu, na ukingo wa nje unatazama mabega. Imejikunja kwa mstari unaokatiza vinyoya, na kanuni yetu inasema mkunjo huo unapindua.

Kwa hiyo kola ya juu, ile inayoonekana, ipangwe kama itakavyokaa mwilini. Kama koti lote linatazama juu, vinyoya vya kola vielekee mstari wa shingo. Ukiipanga kwa mazoea, mgongo utakuwa umekolea na kola itang'aa juu yake. Stendi ya kola ya shati ni tofauti. Yenyewe inasimama wala haianguki, basi ipangwe kwa kusimama, hata kama imeungwa na kipande kinachoanguka.

Kifuniko cha mfuko kinafuata mantiki hiyo hiyo. Kimeshonwa kwa ukingo wake wa juu na kinaning'inia, kwa hiyo ukingo wa mshono ndio kichwa chake. Ukikipanga jinsi kinavyoning'inia, kitapotea ndani ya koti, na hilo ndilo unalolitaka. Lepe la koti halina shida, ingawa nalo hukunjwa. Mkunjo wake unakwenda karibu na urefu, kwa hiyo kichwa kinabaki kichwani. Kipande cha ndani kinachojitokeza kwenye lepe kipangwe kama kipande cha mbele. Suruali yenye pindo la kukunjwa kwa nje ni kesi nyingine: likiwa limekatwa pamoja na mguu, lazima litapinduka na kubadilika rangi. Ama likatwe peke yake na kuungwa, ama mteja akubali mstari wa rangi tofauti pale chini.

Mahameli haitulii mezani

Kuna sababu moja zaidi ya kupanga mahameli kwenye tabaka moja badala ya mawili. Uso kwa uso, vinyoya vya tabaka la juu vinaingia ndani ya vya tabaka la chini, na matabaka yanatambaa. Unakata mistari iliyonyooka, unainua kitambaa, na kipande cha chini kimekuwa kifupi kwa nusu sentimita. Ukilazimika kukunja, kunja kwa urefu, vinyoya vikiwa nje na migongo ikigusana. Lililo bora ni kulaza tabaka moja, uso chini na mgongo juu, na kuchora kila kipande kivyake. Kumbuka tu kuibinua karatasi kwa namna iliyoelezwa.

Pini huacha alama kwenye mahameli, na alama hizo nyingine haziondoki. Choma pini nyembamba ndani ya nafasi ya kushonea tu, au uzishikilie karatasi kwa vitu vizito, kama vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye kitambaa. Chora kwa chaki upande wa mgongo. Pasi nayo isiguse uso. Laza mahameli uso chini juu ya kipande kingine cha mahameli, vinyoya kwa vinyoya, na umpe mvuke bila kukandamiza.

Kabla ya mkasi

Vipande vyote vikishapangwa, usikate. Zunguka meza na usome kila kipande kwa maswali matatu: kichwa chake kinaelekea wapi, mshale wake uko sambamba na ukingo, na je, nguoni kinasimama au kinaanguka? Andika neno "juu" kwa chaki kwenye kichwa cha kila kipande, kama kitakavyokaa mwilini, na uangalie kama neno hilo na mishale ya vinyoya vinakubaliana kote. Kazi hii haichukui hata dakika kumi.

Kipande kikishakatwa kichwa chini, wokovu ni mdogo. Mstatili, kama mkanda au mfuko wa kubandika usio na mviringo, unaweza kuzungushwa ukatumika. Kipande chembamba juu na kipana chini hakizunguki, na dawa yake ni kukata kingine. Kuvisukuma vinyoya kwa pasi ili vilale upande mwingine hakusaidii. Vitarudi vilikotoka baada ya kufuliwa au kukaliwa.

Kwa sababu hiyo bei ya nguo ya kodrai au mahameli isitajwe kwa mazoea. Fundi anayemwambia mteja "leta mita moja" kwa kuangalia kiuno chake tu, anamwandaa aje na kitambaa pungufu, na kitambaa pungufu ndicho kinachoushawishi mkono kupindua kipande kimoja ili kazi iishe. Panga patani kwanza, hata juu ya sakafu iliyochorwa upana wa 146 kwa chaki, vichwa vyote upande mmoja. Pima urefu uliotumika, ongeza wa kusinyaa, ndipo umtume mteja dukani na kipimo kilichoandikwa.